Mkataba wa sola ya kulipia kwa siku: nilivyousoma na shangazi

Kabla sijafungua kibanda changu cha ufundi hapa Sengerema, nilifanya kazi kwenye dawati la wateja la kampuni moja ya sola za mkopo. Nilikuwa napokea maboksi yaliyogoma, nawasikiliza wenyewe, nawaeleza kwa nini taa haiwaki ilhali jana wamelipa. Wengi waliokuja wamefura walikuwa na boksi zima kabisa. Kilichowagonga ni kipengele cha mkataba ambacho hakuna aliyewasomea. Sasa niko upande huu wa meza, na watu huniletea mikataba kabla ya kusaini. Huwa naanza na swali moja: siku zako zinahesabiwaje?

Nieleze kwanza boksi lenyewe linavyofanya kazi, maana bila hapo mkataba hausomeki.

Seti ya kawaida ina paneli ya juu ya bati, boksi lenye betri ndani, taa tatu au nne, waya za kuchajia simu, na kwa walioongeza hela, redio au televisheni ndogo. Kinachoitofautisha na sola ya kununua dukani ni kufuli lililo ndani ya boksi. Unapolipa kwa simu, unaingiza namba ya kampuni, kisha namba ya kumbukumbu ambayo ni ya akaunti yako, kisha kiasi. Baada ya muda mfupi inaingia meseji yenye tokeni, yaani mlolongo wa tarakimu ambao unaubonyeza kwenye boksi kama unavyofanya na Luku. Boksi linasoma tokeni, linajua umenunua siku ngapi, linafungua.

Watu wengi wanadhani boksi linaongea na kampuni kwa mtandao. Yapo yenye laini ya simu ndani, na hayo hufunguka yenyewe yakipata mtandao, lakini yale ya kubonyeza tokeni hayaongei na mtu. Boksi na kompyuta ya kampuni vina siri moja waliyowekewa kiwandani, na kila upande unahesabu tokeni zilizokwisha kutolewa. Kwa siri hiyo na hesabu hiyo kompyuta inatengeneza namba ambayo boksi lako peke yake litaikubali, tena mara moja tu. Ndiyo maana tokeni ya jirani haifungui kwako, na tokeni ya mwezi uliopita ukiirudia boksi linakataa. Ukikosea mara nyingi mfululizo, maboksi mengi yanagoma kupokea chochote kwa muda, na hapo ndipo watu wanapolipiga makofi bure.

Tokeni ikishaingia, saa iliyo ndani ya boksi inaanza kupunguza siku. Inapunguza usiku na mchana, uwashe taa usiwashe, jua liwake au mvua inyeshe siku tatu mfululizo. Umenunua muda, hujanunua umeme. Mteja wa Luku akisafiri wiki nzima anarudi anakuta uniti zake zilivyo. Mteja wa sola ya mkopo akisafiri wiki nzima anakuta siku saba zimekwenda.

Ukishalishika hilo, mkataba wote unasomeka kwa kuuliza siku zinaenda wapi katika kila hali. Nitaeleza kwa mkataba wa shangazi yangu, kwa sababu ndio niliokaa nao muda mrefu kuliko yote.

Shangazi anauza dagaa kwenye mwalo upande wa Buchosa. Wakala alimletea seti yenye televisheni. Bei ya taslimu ilikuwa 620,000. Kwa mkopo, kianzio 90,000 na baada ya hapo 1,200 kwa siku, kwa siku 730. Kwenye karatasi ya matangazo palikuwa na 1,200 kwa herufi kubwa, na chini yake "miaka 2 tu". Jumla haikuandikwa popote, tukaitafuta wenyewe: 1,200 mara 730 ni 876,000, ongeza kianzio, unapata 966,000. Juu ya bei ya taslimu kuna 346,000. Hakuna mahali palipoitwa riba, lakini ndiyo gharama ya kukopa, na mimi sina ugomvi nayo ikiwa mtu ameiona. Kampuni inabeba mteja asiye na dhamana, inabeba wanaotoroka na boksi, inalipa wakala kamisheni. Ninachokataa ni mtu kusaini akiwa na 1,200 kichwani badala ya 966,000.

Wakala alikuwa kijana mstaarabu. Alimwamkia shangazi, akakaa kwenye mkeka, akafungua simu yake.

"Mama, uzuri wa mfumo wetu ni kwamba ukikosa hela hudaiwi faini. Boksi linajifunga, unalala na kibatari siku mbili tatu, ukipata unalipa unaendelea pale pale ulipoishia."

"Kwa hiyo deni halikui?" shangazi akauliza.

"Halikui kabisa, mama."

Alikuwa anasema kweli. Deni halikui kwa sababu linahesabiwa kwa siku zilizolipwa, na siku ambayo boksi limefungwa haimo kwenye zile 730. Mwisho wa mkataba unasogea mbele tu. Lakini ndani ya mkataba huo huo kulikuwa na mambo mengine mawili yanayohesabiwa kwa kalenda ya ukutani, ambayo haisimami boksi likijifunga. Nikamwomba kijana ashuke na kidole hadi kwenye kipengele cha kurejesha kifaa, kisha kwenye waranti.

Hapa lazima nieleze biashara ya dagaa. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti kitu na mitumbwi inakaa mchangani, kama siku kumi hivi kila mwezi. Siku hizo mwalo hauna hela. Shangazi akilipa kwa siku kama alivyoshauriwa, atalipa siku 20 na boksi litajifunga siku 10, mwezi baada ya mwezi.

Kwa mwendo huo, siku 730 ukigawanya kwa 20 ni miezi 36 na nusu. Ile "miaka 2 tu" imekuwa mitatu. Hela ni ile ile 966,000, hakuna aliyemwibia. Ila waranti ya boksi na betri iliandikwa miaka 2 tangu tarehe ya kusaini. Ikifika mwezi wa 24, shangazi atakuwa amelipa siku 480, amebakiza 250, yaani 300,000 za kulipia kifaa ambacho kikifa kesho ni juu yake. Na betri ndiyo inayokufa kwanza. Boksi halimuulizi mtu kama betri bado inashika chaji; linauliza tokeni.

Waranti ya miaka 2 yenyewe si mbaya. Viwango vya kimataifa vinavyotumiwa kupima seti hizi, ambavyo bidhaa zikifaulu huorodheshwa na VeraSol, vinadai waranti ya namna hiyo kwa boksi, betri na paneli za seti za majumbani, na mwaka mmoja kwa vifaa kama televisheni. Tatizo linakuja mkataba unapokuwa mrefu kuliko waranti, au unaporefuka kwa sababu mteja analipa kwa kusuasua. Kampuni nyingine huandika kwamba waranti inaendelea hadi deni liishe. Ukikuta maneno hayo, hiyo seti ni bora kuliko ya jirani hata kama ni ghali kidogo.

Kipengele cha pili ndicho kilichomfanya shangazi avue miwani. Kilisema kampuni inaweza kuchukua kifaa mteja asipolipa siku 30 mfululizo. Hilo alilijua, wakala alimwambia. Ila sentensi iliyofuata ilisema: au jumla ya siku zisizolipwa ikifika 180 tangu kusaini. Kijana naye aliisoma mara mbili.

Hesabu haina siri. Siku 10 za mbalamwezi kila mwezi, baada ya miezi 18 ni siku 180. Wakati huo atakuwa amelipa siku 360, sawa na 432,000, na kianzio chake 90,000, jumla 522,000. Hajawahi kukaa mwezi mzima bila kulipa. Hajagombana na mtu. Na kampuni ina haki ya kuja na pikipiki kuchukua boksi, paneli na televisheni, bila kumrudishia kitu, kwa sababu kipengele kinachofuata kinasema kilichokwisha kulipwa ni malipo ya matumizi. Hadi siku ya mwisho ya malipo, kifaa si chako.

Nilipokuwa dawatini niliona wanaochukuliwa vifaa. Walioudhika zaidi hawakuwa wale walioacha kulipa, hao walijua. Ni hawa wa kulipa leo, kuruka kesho, ambao boksi lao lilikuwa linawaka siku nyingi kuliko lilivyofungwa. Kwenye kompyuta yetu jina la mteja wa namna hiyo lilibadilika rangi taratibu, na yeye huko kijijini hakuwa na habari, kwa sababu boksi linamwonyesha siku alizobakiza na si siku alizopoteza. Uliza kama namba hiyo inaweza kuonekana kwenye meseji ya malipo au kwa kupiga simu ya huduma. Kama haionekani popote, andika mwenyewe kwenye kalenda.

Kuna siku nyingine zinazopotea ambazo hata mikataba mizuri inazisahau: siku ambazo kifaa ni kibovu. Tuseme umelipa siku 30, siku ya tano boksi linazima. Fundi anakuja baada ya wiki, analichukua, linakaa kituoni wiki mbili. Saa ya ndani haijui kwamba boksi liko rafuni. Likirudi limebakiza siku chache au limeshajifunga, na wewe unatakiwa kulipa tena ili uone kama limepona. Mkataba unaofaa unasema siku za matengenezo zitarudishwa, na unasema zinaanza kuhesabiwa lini: tangu ulipopiga simu, au tangu kifaa kilipofika kituoni. Kati ya hizo mbili panaweza kuwa na wiki nzima. Kwetu zilihesabiwa kifaa kikishapokelewa na kuandikwa, kwa hiyo niliwaambia watu wasikae na boksi bovu nyumbani wakisubiri fundi apite. Walete, wadai karatasi yenye tarehe.

Na ukipewa boksi jingine badala ya bovu, linganisha namba ya kiwandani iliyo kwenye stika na ile ya akaunti yako hapo hapo dirishani, kabla hujapanda bodaboda. Boksi jipya lina siri yake. Kama akaunti bado imeshikilia namba ya boksi la zamani, tokeni zitakazokuja ni za boksi lililobaki rafuni, na utabonyeza hadi vidole vichubuke.

Turudi mwalo. Shangazi alitaka televisheni, na wajukuu walishaambiwa. Tukajaribu kuinusuru. Njia ya kwanza ilikuwa kulipa kwa mkupuo wakati wa giza: 36,000 kwa siku 30, badala ya 1,200 za kila siku. Tokeni haichagui, siku zinaongezwa juu ya zilizopo, na mbalamwezi inamkuta ana siku mkononi. Hapo siku za kupotea zinakuwa sifuri na mkataba unaisha miaka 2 kweli. Kijana akathibitisha inaruhusiwa, na nikaona kwenye mkataba kwamba hakuna kikomo cha kulipa mbele. (Uliza pia kama ukimaliza mapema kuna punguzo. Kwenye huu hapakuwa nalo. Ukilipa deni lote mwezi wa tatu unalipa 966,000 ile ile, kwa hiyo haraka hiyo haina faida.)

Shangazi akahesabu kwa vidole. Mwezi mzuri 36,000 inatoka. Mwezi wa upepo, au serikali ikifunga uvuvi, haitoki.

Njia ya pili ilikuwa kuangalia kama televisheni yenyewe inastahili. Paneli ya seti ile ilikuwa wati 20. Huku kwetu jua zuri linakupa kama saa tano za nguvu kamili kwa siku, na ukitoa kinachopotea njiani betri inapata wati-saa 70 hivi. Televisheni ya wati 12 kwa saa nne inakula 48. Taa nne za wati moja na nusu kila moja, kwa saa tatu, zinakula 18. Tumefika 66, na bado simu hazijachajiwa. Siku ya mawingu paneli inaweza kutoa nusu ya hapo. Wakala wengi husema "inafika saa sita za runinga" wakiwa na maana ya betri iliyojaa, taa zimezimwa, na hakuna simu. Swali la kumuuliza ni hili: televisheni na taa zote zikiwashwa pamoja, betri ikiwa imejaa, zinakwenda saa ngapi? Akijibu haraka sana, muombe aandike.

Mimi ningemwachia aamue. Akaamua kabla sijamaliza.

"Mwanangu, niandikie ile ndogo."

Ndogo ilikuwa taa tatu, redio na chaji ya simu. Kianzio 30,000, na 500 kwa siku kwa siku 540. Jumla 300,000. Kwa mwezi ni 15,000, na hiyo inatoka hata mwezi mbaya akiilipa wakati wa giza. Akilipa hivyo anamaliza miezi 18, waranti ya miaka 2 ikiwa bado ina miezi sita. Kipengele cha 180 kilikuwemo vile vile, ila hakimfikii.

Kabla ya kusaini tulikagua mengine kwa haraka. Kijana alitaka asaini kwa kidole kwenye simu. Tukasema sawa, ila nakala ya Kiswahili ije kwanza kwenye simu ya shangazi. Ikachelewa, tukanywa chai. Namba ya simu iliyoandikwa iwe yake, kwa sababu tokeni zinakuja huko, na mjukuu akihama na laini mjini nyumba inalala giza. Picha ya kitambulisho cha NIDA na ya nyumba alipiga, nikauliza vinatumiwa na nani. Tangu sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, kampuni inapaswa kukueleza. Mkataba ulitaja kwamba taarifa za malipo zinaweza kupelekwa kwa taasisi za taarifa za mikopo, kwa hiyo boksi lililotelekezwa linaweza kukusubiri benki.

Nikauliza pia nguzo. Kama mkandarasi wa REA yuko njiani na nyumba haihitaji nguzo ya ziada, kuunganishwa kijijini ni 27,000, na mkataba wa sola haufi kwa sababu Tanesco wamefika. Diwani alikuwa ameshatuambia kitongoji chao hakimo kwenye awamu iliyopo, tukaendelea.

Jambo jingine ni kampuni yenyewe kubadilika mikono. Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja wengi Tanzania, iliingia kwenye ufilisi mwaka 2019 na ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Deni lako ni mali ya kampuni, linauzwa pamoja na meza na magari. Kwa hiyo tafuta sentensi inayosema atakayerithi deni anarithi na waranti. Kwa shangazi ilikuwepo, imejificha karibu na saini.

Mwisho kabisa, tulisoma kinachotokea siku ya 540. Boksi halijui kwamba umemaliza. Kampuni inatakiwa kukutumia tokeni ya pekee inayoondoa kufuli moja kwa moja. Nimeshika maboksi ya watu waliolipa shilingi ya mwisho, wakapewa tokeni ya kawaida ya siku zilizobaki, na wiki mbili baadaye yakajifunga. Ukibonyeza tokeni ya mwisho, boksi linapaswa kuacha kuonyesha siku zilizobaki. Likiendelea kuhesabu, bado halijafunguliwa, hata meseji ikisema hongera. Na barua ya umiliki iwe na namba ya kiwandani ya boksi ulilonalo siku hiyo, kwa sababu bila barua hiyo mimi fundi sithubutu kukata stika ya muhuri na kubadilisha betri.

Siku hiyo hiyo huwa inakuja simu: umekuwa mteja mzuri, chukua jiko, chukua simu, chukua ada ya shule, kianzio hakuna. Ukikubali, kwenye mikataba mingi dhamana ni boksi ulilokwisha kulimaliza, na kufuli linarudi. Shangazi aliniuliza kama akikataa watamfanya nini. Nikamwambia hawana la kumfanya, ila akitaka simu aniambie kwanza, tutaupiga hesabu mkopo huo peke yake, na boksi libaki nje.